Tangi moja, maswali matatu: kuchagua aina ya mfumo wa udhibiti

Mtu akiniuliza kama mfumo wake ni wa mstari au si wa mstari, huwa namuuliza kwanza: unataka ukujibu nini? Kifaa hakizaliwi na aina yake. Aina ni ya mlinganyo unaouandika kukieleza, na kifaa kimoja kinaweza kuandikwa kwa milinganyo ya aina tofauti, kila mmoja ukiwa sahihi kwa kazi yake. Ukichagua vibaya, hesabu zitakamilika vizuri kabisa kwenye karatasi, kisha mtambo utafanya kitu kingine.

Nitatumia mfano mmoja tu kwa sehemu kubwa ya makala: tangi la maji. Kuta zake zimesimama wima na sakafu yake ina mita 1 ya mraba. Juu kuna bomba lenye vali linaloingiza maji, chini kuna tundu la kipenyo cha milimita 31 hivi linalotoa maji muda wote. Kidhibiti kinapima kimo cha maji, kisha kinafungua au kukaza vali ili kimo kibaki pale tunapotaka. Vali ndiyo ingizo la mfumo, kimo ndicho tokeo.

Torricelli alichapisha mwaka 1644 kanuni inayotuhusu hapa: kasi ya maji yanayotoka tunduni hufuata kipeuo cha pili cha kimo cha maji juu ya tundu. Kwa tangi letu, tukipima maji kwa lita kwa sekunde na kimo kwa mita, mlinganyo unakuwa hivi:

```
1000 · dh/dt = q − 2·√h
```

Hapa `q` ni maji yanayoingia, `h` ni kimo, `dh/dt` ni kasi ya kimo kubadilika, na 1000 inatokana na kwamba mita moja ya kimo katika tangi hili ni lita 1000. Basi. Maswali yote matatu, yaani kama mfumo ni wa mstari, kama unabadilika na wakati, na kama ni wa mfululizo au wa vipindi, tutayauliza juu ya mlinganyo huo mmoja.

Wa mstari, au si wa mstari?

Jaribio lina sehemu mbili. Ukizidisha ingizo mara mbili, tokeo nalo lazima lizidi mara mbili. Na ukiingiza vitu viwili kwa pamoja, tokeo lazima liwe jumla ya matokeo ya kila kimoja peke yake. Mfumo ukifaulu yote mawili ni wa mstari. Ukishindwa moja tu, si wa mstari.

Tulijaribu tangi. Ingiza lita 1 kwa sekunde na usubiri mpaka kimo kitulie. Kinatulia pale yanayoingia yanapolingana na yanayotoka, yaani `2·√h = 1`, kwa hiyo kimo ni mita 0.25. Ingiza lita 2: kimo ni mita 1. Ingiza lita 4: kimo ni mita 4. Tumezidisha ingizo mara mbili, tokeo likazidi mara nne. Tangi si la mstari, na hakuna ubishi.

Kuna mtego ambao wanaoanza hunaswa nao. Mchoro ulionyooka si ushahidi wa kutosha. Kifaa kinachotoa `y = 2u + 3` kinachora mstari mnyoofu kabisa, lakini ingizo 1 linatoa 5 na ingizo 2 linatoa 7, si 10. Kinashindwa jaribio. Dalili ya haraka ni hii: mfumo wa mstari uliotulia, ukiupa sifuri, unarudisha sifuri. Mara nyingi tatizo la namna hii linaondoka ukianza kupima tokeo kutoka kwenye 3 badala ya kutoka kwenye sifuri, na huo ndio ujanja tutakaoutumia kwenye tangi sasa hivi.

Tuseme tunataka maji yakae kwenye kimo cha mita 1. Hatupimi tena kimo chenyewe. Tunapima kimekengeuka kiasi gani kutoka mita 1, na vali imekengeuka kiasi gani kutoka lita 2 kwa sekunde. Katika eneo dogo kuzunguka hapo, mkunjo wa kipeuo unakaribia kuwa mstari mnyoofu. Tunachukua mwinamo wake pale mita 1 na kuutumia badala ya mkunjo. Ongeza lita 0.1 kwa sekunde: mlinganyo ulionyooshwa unasema kimo kitapanda hadi mita 1.10. Tangi la kweli litapanda hadi mita 1.1025. Tofauti ni milimita 2 na nusu, na vihisi vingi vya kimo wala havitaiona. Ongeza lita 1 nzima kwa sekunde: ulionyooshwa unasema mita 2, tangi la kweli linasema mita 2.25. Sasa tumekosea kwa sentimita 25, na mtu yeyote mwenye rula ataiona.

Kwa hiyo mlinganyo ulionyooshwa ni halali, ila una mipaka, na una anwani: ni wa pale mita 1 tu. Ukihamia kimo kingine, tabia ya tangi inabadilika. Angalia vimo vitatu kwa pamoja. Muda wa mfumo ni muda ambao tangi linahitaji kutimiza asilimia 63 ya safari yake kuelekea kimo kipya baada ya vali kuguswa kidogo.

| Kimo cha kazi | Maji yanayoingia | Muda wa mfumo | Kimo kinachoongezeka, kwa kila lita 1 zaidi kwa sekunde |
|---|---|---|---|
| mita 0.25 | lita 1 kwa sekunde | sekunde 500 | mita 0.5 |
| mita 1 | lita 2 kwa sekunde | sekunde 1000 | mita 1 |
| mita 4 | lita 4 kwa sekunde | sekunde 2000 | mita 2 |

Kutoka juu hadi chini ya tangi lile lile, mfumo unakuwa mwepesi au mzito mara nne. Hapo ndipo unapoamua. Kama kimo lengwa ni kimoja na kazi ni kukilinda dhidi ya misukosuko midogo, uchukulie mfumo kuwa wa mstari na ufaidike na zana zote zinazokuja na uamuzi huo. Kama utalijaza tangi kutoka tupu hadi mita 4 kila asubuhi, mlinganyo wa mita 1 utakudanganya sehemu kubwa ya safari. Baki na kipeuo.

Ila si kila kisicho cha mstari kinanyoosheka. Pendulamu inanyoosheka vizuri: nguvu inayoirudisha katikati hufuata saini ya pembe, na kwenye nyuzi 10 saini hiyo inatofautiana na pembe yenyewe, ikipimwa kwa radiani, kwa nusu ya asilimia tu. Kwenye nyuzi 60 pembe inaizidi saini kwa asilimia 21 hivi. Mkunjo ni laini, kwa hiyo kuna eneo dogo la kuaminika. Lakini chukua swichi ya joto inayowasha na kuzima mashine ya friji. Pale inapogeuka hakuna mwinamo wa kuchukua. Ni imewaka au imezima. Vali iliyofika mwisho ni hivyo hivyo: ikishafunga, kuiamuru ifunge zaidi hakuleti kitu. Vitu vya namna hii huviachi pembeni kwa kusema "nitakaa karibu na katikati", kwa sababu mara nyingi vinajitokeza pale tu mambo yanapoharibika. Tutaiona vali ikifanya hivyo mbele kidogo.

Hubadilika na wakati, au la?

Swali hili linachanganywa sana, na kosa ni lile lile kila mara. Watu wanaona tokeo linapanda na kushuka, wanasema mfumo unabadilika na wakati. Sivyo. Kimo cha tangi kinabadilika kila sekunde, lakini tangi ni lile lile. Jaribio ni hili: fanya jambo leo saa 2 asubuhi, andika kilichotokea. Lifanye tena saa 8 mchana, ukianzia hali ile ile. Ukipata mchoro ule ule, umesogea tu kwa saa sita, mfumo haubadiliki na wakati. Ukipata mchoro mwingine, unabadilika.

Kwenye mlinganyo, angalia namba zinazoshikilia vitu. Yetu ni 1000 na 2. Sakafu ya tangi haipanuki, tundu halipungui, kwa hiyo mfumo haubadiliki. Sasa weka maji yenye chokaa, na tundu lianze kuziba. Ile 2 inakuwa 1.9, halafu 1.8. Huo ni mfumo unaobadilika na wakati, kwa maana kamili ya neno. Lakini je, inakuhusu? Linganisha kasi mbili. Tangi linajibu ndani ya sekunde 1000, yaani dakika 17 hivi. Kama tundu linaziba kwa miezi, basi ndani ya kila jibu la tangi tundu halijasogea kwa kiasi cha kuonekana. Lichukulie kuwa halibadiliki, kisha lipime upya mara kwa mara.

Roketi ni habari nyingine. Saturn V ilikuwa na uzito wa takriban tani 2,900 wakati wa kuondoka, na hatua yake ya kwanza iliteketeza zaidi ya tani 2,000 za mafuta na oksijeni kwa muda wa dakika 2 na nusu hivi. Msukumo ule ule unaotoa mchapuko mdogo sekunde ya kwanza unatoa mkubwa zaidi sekunde ya mia. Ukiandika mchapuko kuwa ni msukumo uliogawanywa kwa uzito wa saa hiyo, na kuweka mvutano wa dunia kando, unapata mfumo ambao ni wa mstari (zidisha msukumo mara mbili, mchapuko unazidi mara mbili) lakini unabadilika na wakati. Mchanganyiko huo ni halali. Majibu ya maswali haya matatu hayafungamani, na ndiyo maana napenda kuyauliza moja moja.

Sasa, jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa. Katika maelezo hayo nimedhani kwamba ratiba ya kupungua kwa uzito inajulikana mapema, kama saa ya ukutani. Kama rubani anaweza kuongeza au kupunguza mafuta yanayoungua, ratiba haijulikani tena. Itabidi uzito wenyewe uwe sehemu ya hali ya mfumo, na mafuta yanayoungua yawe ingizo. Ukifanya hivyo, saa inatoweka kwenye mlinganyo: mfumo haubadiliki tena na wakati. Lakini msukumo unaotokana na ingizo sasa unagawanywa kwa uzito ambao nao unaendeshwa na ingizo lile lile, kwa hiyo si wa mstari tena. Roketi ni ile ile. Tulichohamisha ni mpaka: nini kiko ndani ya mfumo na nini kiko nje. Ukiona wataalamu wawili wanabishana kuhusu aina ya kifaa kimoja, angalia kwanza kila mmoja amechora mpaka wapi.

Wa mfululizo, au wa vipindi?

Maji hayashuki kwa hatua. Wakati wowote ukitazama, kimo kipo na kinaweza kupimwa. Tangi ni mfumo wa mfululizo. Lakini kidhibiti chake leo ni kompyuta ndogo, na kompyuta inatazama kimo kwa vipindi: inapima, inakokotoa, inaiamuru vali, kisha inakaa mpaka zamu ijayo. Katikati ya vipimo viwili vali inabaki pale ilipoachwa, na kompyuta haioni kinachoendelea.

Wengi huandaa kidhibiti kwa hesabu za mfululizo, wanakiingiza kwenye kompyuta, na wanatumaini. Tuone kinachotokea.

Kidhibiti ni rahisi mno: kwa kila mita ambayo maji yamezidi mita 1, punguza maji yanayoingia kwa lita `K` kwa sekunde, yakipungua, ongeza vivyo hivyo. Kwa hesabu za mfululizo, tangi hili linatulia kwa `K` yoyote chanya. Weka 5, weka 25, weka 500; kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo kosa linavyofutika haraka. Karatasi haikupi onyo lolote.

Sasa kompyuta ipime kila baada ya sekunde 100. Ukiutatua mlinganyo ulionyooshwa wa mita 1 kutoka kipimo kimoja hadi kinachofuata, unapata hivi, `x` ikiwa ni mkengeuko wa kimo, `u` mkengeuko wa vali, na `k` ndogo namba ya kipimo:

```
x[k+1] = 0.905·x[k] + 0.095·u[k]
```

Ile 0.905 ni sehemu ya kosa inayobaki baada ya sekunde 100 vali isipoguswa. Weka kidhibiti, `u = −K·x`, na kila kipimo kinakuwa kilichotangulia kikizidishwa na `0.905 − 0.095·K`. Namba hiyo ikiwa kati ya −1 na 1, makosa yanafifia. Ikishuka chini ya −1, yanakua huku yakigeuza upande. Mpaka uko pale `K` inapokaribia 20. Ile 25 iliyokuwa salama kwenye karatasi, hapa ni hatari.

Anza na maji yaliyozidi kwa sentimita 2. Kwa `K` ya 25 kizidisho ni karibu −1.47. Baada ya sekunde 100 maji yamepungua kwa sentimita 2.9 chini ya lengo. Kisha yamezidi kwa 4.3. Kisha yamepungua kwa 6.4. Kisha yamezidi kwa 9.4. Kompyuta haina kosa lolote: kila mara inatoa amri sahihi kwa kimo inachokiona, ila amri hiyo inashikiliwa sekunde 100 nzima, na maji yanapita lengo zamani kabla haijatazama tena.

Mlinganyo wa mstari unasema mtikisiko huu utakua bila kikomo. Hautakua. Maji yakiwa yamezidi kwa sentimita 9.4, kidhibiti kinadai kupunguza lita 2.36 kwa sekunde, na zinazoingia ni 2 tu. Vali inafunga kabisa na kuishia hapo. Upande wa pili, tuseme inaweza kupitisha lita 4 na si zaidi. Kuanzia hapa tumerudi kwenye swali la kwanza: vali iliyofika mwisho si ya mstari, na ndiyo inayoamua. Kimo kinabaki kikiyumba, kama sentimita 10 juu na sentimita 10 chini ya lengo, bila kukua na bila kutulia. Ukiona mtikisiko wa ukubwa usiobadilika, huku vali ikigonga kufungwa kabisa na kufunguliwa kabisa kwa zamu, usiulaumu uchafu wala kihisi. Tazama vipindi vya kupima.

Unaweza kuliona mwenyewe kwa mistari michache ya Python. Hapa nimerudisha kipeuo cha kweli badala ya mlinganyo ulionyooshwa:

```python
h = 1.02
for k in range(12):
    q = 2 - 25 * (h - 1)
    q = min(max(q, 0), 4)
    for s in range(100):
        h += (q - 2 * h**0.5) / 1000
    print(k, round(h, 3))
```

Badilisha `range(100)` iwe `range(10)`, maana yake kompyuta inapima kila sekunde 10. Mpaka wa `K` unapanda hadi karibu 200, na 25 inarudi kuwa salama: sentimita 2 inakuwa 1.5, kisha 1.1, kisha 0.8. Hatukugusa kidhibiti wala tangi.

Kwa hiyo uchague vipi? Ukipima mara nyingi mno ndani ya muda ambao mfumo unahitaji kufuta kosa, hesabu za mfululizo zinatosha na zinaeleweka kwa urahisi. Angalia kwamba nasema muda wa kufuta kosa kidhibiti kikiwa kazini, si zile sekunde 1000 za tangi peke yake. Kwa `K` ya 25 kidhibiti kinataka kumaliza kazi ndani ya sekunde 40 hivi. Kupima kila sekunde 100 ni kuchelewa, ingawa 100 ni sehemu ya kumi tu ya 1000. Vipindi vikikaribia muda huo, acha mfululizo na uandike mfumo kwa vipindi tangu mwanzo.

Vipindi navyo viwe sawa. Niliwahi kukaa siku mbili na programu iliyotakiwa kupima kila sekunde 10, nisijue kwa nini kimo kinatulia usiku na kuyumba mchana. Mchana kompyuta ilikuwa na kazi nyingine, na baadhi ya vipimo vilichelewa mno. Ile 0.905 na ile 0.095 zinatokana na urefu wa kipindi. Kipindi kikirefuka ovyo, namba zinabadilika, na tangi ambalo halijaguswa linageuka kuwa mfumo unaobadilika na wakati. Tangu siku hiyo huandika saa ya kila kipimo kando ya kipimo chenyewe.

Nimalizie na jambo moja la tangi hili. Mpaka wa `K` tulioupata, karibu 20, ulitoka kwenye mlinganyo wa mita 1. Ukirudia hesabu kwa mita 0.25 na mita 4, ambako muda wa mfumo ni sekunde 500 na 2000, unatarajia mpaka uhame sana. Hauhami: unabaki karibu na 20 kote. Ndani ya kipindi kifupi maji yanayotoka tunduni hayana muda wa kufanya mengi, na kinachoamua kimo kitasogea kiasi gani ni upana wa sakafu, ambao ni ule ule kwenye kila kimo. Kipeuo kilichotusumbua mwanzoni kinahusu kimo kitatulia wapi. Kwa swali la utulivu wa kidhibiti hiki hakina uzito. Lakini lifanye tangi liwe la umbo la pia, jembamba chini na pana juu. Pale ambapo uso wa maji una robo mita ya mraba, mpaka unashuka hadi karibu 5, na kidhibiti chenye `K` ya 10 kinachofanya kazi vizuri tangi likijaa kitaanza kuyumba maji yakishuka.